Kengele ya moto ikilia: kila kitu kifanye kazi kwa pamoja, au kila ishara na kazi yake?

Msimamizi_Nzuguni

Wakuu, habari za kazi. Nasimamia jengo la ofisi la ghorofa nane hapa mjini Dodoma. Lina lifti mbili na maegesho chini ya ardhi, kila ghorofa ina mashine yake ya hewa, na kuna feni ya kusukuma hewa kwenye ngazi. Tunabadilisha paneli ya kengele ya moto, na wakandarasi wameniletea majedwali ya chanzo na matokeo yasiyofanana kabisa.

La kwanza lina mstari mmoja: ishara yoyote ikija, lifti zishuke chini, dampa, yaani mabawa ya kuziba mabomba ya hewa, zifunge, milango iachiwe, feni zizimwe. La pili lina mistari kumi na minne, kila chanzo na kazi zake, na bei imepanda kwa ajili ya moduli za ziada. Mkandarasi wa tatu anataka paneli itume ishara moja kwenye kompyuta ya jengo, mengine yote yapangwe humo. Na vumbi la kiangazi cha huku mnalijua, vitambua moshi vinalia ovyo. Nichukue lipi?

Fundi_Makole

Mkuu, chukua la kwanza. Moto si wakati wa kuchagua. Mstari mmoja unajaribika kwa siku moja, na hata mlinzi anauelewa. Pia dampa na milango vikikatiwa umeme vinakwenda upande salama vyenyewe: dampa inavutwa na springi, sumaku ya mlango inaachia. Ukizidisha mistari unazidisha mahali pa kukosea.

Zuhura_Kengele

Kaka Fundi, la kukata umeme uko sahihi, na huo ndio msingi ninaoutumia kwa dampa na milango. Ila "feni zote zizimwe" ni hatari. Feni ya ngazi lazima iwake, ndiyo inayozuia moshi usiingie watu wanapokimbilia. Ya kutoa moshi kwenye maegesho nayo lazima iwake moto ukiwa huko. Mstari mmoja ukizizima zote, mmejaza moshi njia ya kutokea.

Na lifti. Zikishushwa chini kila mara, siku moshi ukiwa kwenye ukumbi wa lifti wa chini milango itafungukia humo humo. Kwa hiyo kitambua cha ukumbi ule kinahitaji mstari wake unaopeleka lifti ghorofa nyingine, tuseme ya kwanza.

Msimamizi, chukua mfano mmoja uone jedwali refu linavyofanya kazi. Karatasi zinawaka kwenye chumba cha kumbukumbu ghorofa ya tatu. Kitambua kimoja kinanusa moshi: king'ora kinalia ghorofa hiyo na paneli inampigia mlinzi, na mashine ya hewa ya ghorofa ya tatu inazimwa na dampa zake zinafunga papo hapo, kwa sababu hiyo ndiyo inayoweza kusambaza moshi kwenye vyumba vingine. Lifti bado zinatembea. Kitambua cha pili cha ghorofa hiyo kikikubali, au moshi ukifika kwenye kitambua cha ukumbi wa lifti wa ghorofa hiyo, ndipo jengo zima linalia, lifti zinashuka chini, zinafungua milango na kubaki hapo, kufuli za sumaku zinaachia, na feni ya ngazi inawaka. Cha ukumbi wa lifti hakisubiri mwenzake.

Hapo ndipo vumbi lako linapata jibu. Kitambua kimoja kilichodanganywa na vumbi kitazima hewa ya ghorofa moja, hakitashusha lifti za jengo zima. Lakini usiache kuvisafisha kwa sababu hiyo.

Baba_Salome

Mimi nina nyumba ya wageni Area C. Umeme wa TANESCO ukikatika lifti inakwama katikati na wageni wanapiga kelele. Hilo jedwali la pili litanisaidia?

Zuhura_Kengele

Hapana baba, hilo ni tatizo la lifti yenyewe. Muulize fundi wa lifti kuhusu betri ya kuishusha hadi ghorofa ya karibu umeme ukikatika. Kengele ya moto haihusiki.

Kijana_wa_Udom

Mbona mnaipita kompyuta ya jengo? Waya mmoja, halafu mantiki yote unaibadilisha kwenye skrini. Ofisini kwetu ndivyo ilivyo, inaonyesha kila dampa kwa rangi.

Zuhura_Kengele

Kuonyesha, sawa. Kuamuru, hapana. Programu ikiganda, au mtu akiweka feni kwenye "mkono" akasahau, amri ya moto inapotea na hakuna anayejua. Relei ya paneli iende moja kwa moja kwenye saketi ya kuwashia feni, na iishinde ile swichi ya mkono. Kompyuta iachwe isome tu.

Hata hizo rangi, mdogo wangu, uliza zinatoka wapi. Mara nyingi kijani inamaanisha amri imetumwa. Nilikagua jengo moja ambapo skrini ilisema dampa imefunga. Tulipofungua kidirisha cha bomba, bawa lilikuwa limesimama nusu, na kitambaa kinachounganisha feni na bomba kimepasuka. Feni ilikuwa haijazimwa, hewa ikashindana na bawa. Amri ya kuzima feni na ya kufunga dampa zitoke pamoja, maana springi huchukua sekunde kama 20 na feni inakuwa inapunguza mwendo. Na dampa iwe na swichi ya mwisho inayorudisha habari kwenye paneli, la sivyo unaamini tu.

Fundi_Makole

Hapo kwenye feni ya ngazi nimekubali. Lakini milango bado sioni haja ya mistari mingi, si unakata umeme tu?

Mkaguzi_Mstaafu

Unakata wapi? Kuna sumaku zinazoshikilia mlango wa moto uwe wazi, zikikatwa mlango unajifunga. Na kuna kufuli za sumaku za mlango wa kutokea, zikikatwa mlango unafunguka. Zipe safu mbili kwenye jedwali, kila moja na jaribio lake.

Kosa ninalolikuta mara kwa mara liko kwenye kufuli. Fundi anaweka relei upande wa volti 230, kabla ya chaja. Kengele inalia, umeme wa chaja unakatika, betri iliyomo ndani inaendelea kushika mlango kwa masaa. Relei iwe kwenye waya wa volti 12 au 24 unaokwenda kwenye sumaku. Jaribu ukiwa umesimama mlangoni, usukume kwa mkono.

Msimamizi_Nzuguni

Asanteni sana. Naelekea jedwali la pili, ila kitufe cha kuvunja kioo wameweka kishushe lifti na kufungua milango yote, hadi chumba cha fedha.

Zuhura_Kengele

Lifti ningeitoa. Mtu anaweza kukimbia ghorofa mbili ndipo avunje kioo, kwa hiyo kitufe hakisemi moshi uko wapi. Lifti ziitwe na vitambua.

Mkaguzi_Mstaafu

Dada, hapo tunatofautiana. Ikishalia jengo zima sitaki mtu ndani ya lifti, hata kama aliyeanzisha ni kitufe. Chumba cha fedha kama kuna watu ndani, mlango lazima ufunguke. Kama ni stoo tu, peleka swali kwa Zimamoto na mchoro mkononi kabla hujasaini.

Msimamizi_Nzuguni

Kuna makarani wawili humo mchana kutwa.

Mkaguzi_Mstaafu

Basi ufunguke.