Sharifu amegoma kula

Mama Sharifu: Shikamooni wakubwa. Shangazi, Sharifu amenishinda. Ana mwaka na miezi tisa. Nikimsogezea ugali na migebuka anafunga mdomo, nikilazimisha anatema. Jana nimemkimbiza na kijiko uani mpaka tukalia wote wawili.

Bibi Ujiji: Marahaba. Mwache alale na njaa. Asubuhi atakula mwenyewe.

Baba Mdogo: Hiyo ni minyoo. Mnunulie dawa.

Shangazi Mwanga: Minyoo tutaiuliza kliniki. Kwanza niambie jana alikula na kunywa nini tangu alipoamka.

Mama Sharifu: Saa moja maziwa, kikombe kikubwa. Saa nne biskuti. Saa sita akalia, nikampa maziwa tena. Saa saba ndiyo ugali, akagoma. Saa tisa juisi, jioni maziwa. Usiku wali vijiko viwili.

Shangazi Mwanga: Basi saa saba hakuwa na njaa, maziwa ya saa sita yalishamshibisha. Kwa siku nzima yasizidi nusu lita. Yakizidi hatakula chakula chenye madini ya chuma, na damu inapungua. Mpe maziwa pamoja na mlo. Juisi acha. Saa nne mpe ndizi mbivu, halafu maji tu mpaka saa saba.

Bibi Ujiji: Si ndiyo nilichosema?

Shangazi Mwanga: Nusu yake, mama. Njaa ya kati ya mlo na mlo tunaitaka, ila asilale nayo kama adhabu. Akikataa, baada ya dakika 20 toa sahani kimya kimya. Usimpikie chapati badala yake. Mlo unaofuata uje kwa saa yake.

Mama Sharifu: Na samaki? Hata kumgusa hataki.

Shangazi Mwanga: Kaeni mkekani mle wote. Mwekee wali anaoujua, na pembeni kipande cha mgebuka kama ukucha wa kidole gumba, miba yote umetoa. Usiseme "kula". Akinusa au akitema, usimkaripie, kesho kutwa weka tena. Wengine huzoea baada ya mara 10, hata 15.

Dada Mwandiga: Wangu alikuwa anakataa kila kitu, kumbe ana vidonda mdomoni.

Shangazi Mwanga: Ndiyo maana nataka kujua, Sharifu anacheza? Kadi ya kliniki inasemaje?

Mama Sharifu: Anacheza sana. Kilo 10.8, mstari unapanda.

Shangazi Mwanga: Vizuri. Baada ya mwaka mmoja mtoto hakui kwa kasi ile ya mwanzo, kwa hiyo hula kidogo. Mstari ukilala au ukishuka, au akipaliwa kila akimeza, mpeleke kituo cha afya.

*Siku nne baadaye*

Mama Sharifu: Leo saa saba amekula wali na maharage. Samaki amemlamba, akamtupa. Lakini nikiwa sokoni bado kuna mtu anampa biskuti.

Bibi Ujiji: Ni mimi. Akilia moyo wangu unashindwa.

Shangazi Mwanga: Mama, kesho nakuletea ndizi. Akilia saa nne, mpe hiyo.

Bibi Ujiji: Na akilia saa sita?