Mke wangu ananizidi mshahara na nyumba imepoa. Wakuu, naomba ushauri

Fundi Baridi
Wakuu, habari za usiku. Mimi ni fundi wa mafriji na viyoyozi, nimeajiriwa, mkononi napokea 650,000 kwa mwezi. Vikazi vya nje vikipatikana naongeza kidogo. Mke wangu yuko kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Tulipooana miaka sita iliyopita alikuwa karani na mimi ndiye niliyekuwa mbele. Mwaka jana wamempandisha, sasa anapokea 2,100,000. Tuko Tabata Kimanga, nyumba ya kupanga, mtoto mmoja.

Sina baya la kumsema. Hajawahi kunitolea kauli chafu, chakula ananitengea kama zamani. Shida ni watu. Kulikuwa na sendofu ya binti wa baba mdogo, tukachanga laki tatu. Kweli ilitoka kwake, ila kadi ilikuwa na jina langu. Mshereheshaji akatangaza, "Mama Ivan na mume wake, laki tatu!" Ukumbi mzima vigelegele. Dada yangu alikuwa meza ya pembeni, akaniinamia: "Kaka, umeolewa lini?" Meza ikacheka. Nikacheka na mimi.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikirudi nyumbani namjibu mkato, naye siku hizi amenyamaza. Nimefikiria nimwambie aache kazi, afungue duka karibu na nyumbani. Mwanaume anarudishaje heshima yake bila ugomvi?

Mzee wa Kijiwe
Aache milioni mbili auze vitunguu vya mafungu ili wewe ulale usingizi? Mkuu, kanywe maji.

Sauti ya Jangwani
Kijana, mume ni kichwa cha nyumba. Mwanamke akishika hela, adabu inatoka mlangoni. Mimi nilimwambia wangu siku ya kwanza: mshahara wako weka mezani, mimi ndiye napanga. Mpaka leo tuna amani.

Dada wa Sakina
Amani ya mmoja kupanga na mwenzie kunyamaza, hiyo naijua.

Mimi ndiye niliyekuwa namzidi mume wangu, tuko Arusha. Tukienda kula nje nilikuwa nampa elfu hamsini chini ya meza ili mhudumu akija alipe yeye. Nilijiona mke mwenye hekima. Siku moja tumegombana kwa jambo lingine kabisa akaniambia, "Unanipa hela kama mtoto anayetumwa dukani." Miaka miwili nilidhani namsitiri, kumbe kila nikiinamisha mkono ndiyo namkumbusha. Sikuhizi nalipa mimi kwa simu, waziwazi, na ada ya shule analipa yeye waziwazi. Hatujamaliza kila kitu, lakini ule mkono wa chini ya meza umekufa.

Kwa hiyo nakuuliza: nyumbani kwenu nani analipa nini? Hujasema.

Bakari wa Likoni
Ndugu yangu, huku kwetu Mombasa haya ni mambo ya kawaida. Mke wangu yuko Muscat mwaka wa tatu, afanya kazi za ndani, yeye ndiye atumaye pesa. Mimi nalea watoto wawili na kusimamia ujenzi. Majirani husema wee, lakini tofali lapanda. Nawe wako akienda safari usimzuie.

Mzee wa Kijiwe
Bakari, wa kwake haendi popote, yuko Tabata.

Fundi Baridi
Dada wa Sakina, chakula, umeme, ada ya chekechea na msichana wa kazi analipa yeye. Kodi nalipa mimi. Ni 250,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Mara hii mke aliniambia alipe yeye, mimi nipumzike. Nikakataa. Asiyelipa kodi si baba mwenye nyumba, ni mpangaji wa mkewe. Nimelipa, risiti ninayo.

Dada wa Sakina
Kwa 650,000 umetoa wapi 1,500,000 kwa mkupuo?

Mzee wa Kijiwe
Hapo sasa. Nasogeza kiti.

Fundi Baridi
Nilikopa. Sioni kama inahusiana na swali langu.

Afisa Mikopo Mstaafu
Inahusiana kuliko sendofu. Nimefanya kazi ofisi hizo miaka mitano, nikaacha kwa sababu ya usingizi. Benki, SACCOS, au kausha damu? Marejesho ni ya mwezi au ya wiki?

Fundi Baridi
Ofisi ya mtaani. Nilichukua milioni moja na nusu, wakakata 90,000 ya fomu na bima, mkononi 1,410,000. Tisini nikajazia kwenye kazi ya nje. Marejesho 195,000 kila Jumatatu, wiki kumi. Nimelipa tano. Hizi mbili za mwisho sijalipa. Faini elfu kumi kwa siku.

Lakini nina mpango tayari. Kuna ofisi nyingine Buguruni wako radhi kunipa milioni moja na laki mbili, nafunga ile ya kwanza, halafu napumua. Fomu nimeshachukua. Mke hatajua chochote. Msinihukumu, angalau sijamwomba mwanamke.

Afisa Mikopo Mstaafu
Tulia tupige hesabu. Rejesho la 195,000 kwa wiki, mwezi wenye wiki nne ni 780,000. Mshahara wako 650,000. Yaani hata usingekula wala kupanda daladala, mkopo huu usingelipika kwa mshahara. Aliyekupa alijua, ndiyo maana hakukuuliza mshahara, alikuuliza vitu vya ndani. Zile wiki tano umelipa kwa hela ipi?

Fundi Baridi
Mshahara. Na nimeuza pampu ya kuvutia hewa na geji za gesi.

Afisa Mikopo Mstaafu
Umeuza jembe ili ulipe shamba. Bila pampu huwezi kujaza gesi, kwa hiyo vile vikazi vya nje navyo vimekufa.

Sasa unadaiwa wiki tano, 975,000. Hadi Jumatatu ijayo, siku kumi na nne za faini ni 140,000. Jumla 1,115,000. Buguruni watakupa 1,200,000, wakikata yao utabaki na kama 1,130,000, unafunga deni na zinabaki elfu kumi na tano za nauli. Kwa masharti yaleyale ya asilimia thelathini utalipa 1,560,000. Umetoka kwenye deni la 1,115,000 ukaingia la 1,560,000 na hujanunua hata kijiko. Rejesho linashuka hadi 156,000, ndicho kinachokudanganya kwamba unapumua. Kwa mwezi bado ni 624,000.

Nenda ofisi ya kwanza Jumatatu asubuhi, usisubiri wakupigie. Omba maandishi ya salio, faini iandikwe peke yake. Uliza leseni yao ya Benki Kuu, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 hawa wanatakiwa kuwa nayo, na ofisi nyingi ukiitaja tu sauti inashuka. Kisha omba faini isimame na marejesho yarefushwe yawe ya mwezi. Faini husameheka mara nyingi ukienda mwenyewe. Wakikataa kabisa, hapo ndipo mke anapoingia, na ni bora aingie kwa mdomo wako.

Mwanasheria wa Daladala
Mimi nasema asiseme kitu. Kisheria hela ya mke ni ya mke, ya mume ni ya familia. Sheria ya Ndoa ya 1971 imempa mume jukumu la kumtunza mke. Na mkiachana, kila kilichonunuliwa na mke ni cha mke, wewe unatoka na begi.

Afisa Mikopo Mstaafu
Jukumu la mume kutunza lipo, hapo uko sawa. Na ndoa yenyewe haimpi mume mali ya mkewe. Lakini mkiachana mahakama inaangalia jasho la kila mmoja kwenye mali mliyochuma pamoja, si risiti tu. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, hata kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Ila huyu bwana haachani na mtu. Ana faini ya elfu kumi kwa siku.

Binti Mchunguzi
Wakuu, naomba kuwaharibia. Hii ni chai, tena haina hata sukari. Mimi nimewahi kukopa ofisi hizi. Mkopo wa dhamana ya vitu vya ndani, wenye ndoa mnasaini wote wawili, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa anagonga muhuri. Yeye anasema mke hajui. Alisaini nani, malaika?

Mzee wa Kijiwe
Leteni vitafunwa. Nilishangaa mke mwenye milioni mbili bado anatenga chakula.

Sauti ya Jangwani
Vijana mnatunga hadithi badala ya kufanya kazi.

Afisa Mikopo Mstaafu
Binti Mchunguzi ana hoja. Tuliwahi kufukuzana na afisa aliyepitisha fomu ya saini moja. Fundi, jibu.

Dada wa Sakina
Masaa mawili kimya. Amekimbia.

Fundi Baridi
Sijakimbia, nilikuwa namlaza mtoto.

Si chai. Natamani ingekuwa chai. Nilitoa kopi ya kitambulisho cha mke, akaja mwingine akakaa pale ofisini akasaini kama yeye. Hawakuangalia sana picha. Mwenyekiti wa mtaa ni mpya, hatufahamu.

Binti Mchunguzi
Mwingine nani?

Fundi Baridi
Dada yangu.

Mzee wa Kijiwe
Yule wa "umeolewa lini"???

Fundi Baridi
Ndiye. Yeye ndiye aliyenipeleka. Alisema kaka, usikubali kuaibishwa, ofisi naijua. Nikampa laki moja ya asante nilipopokea. Sasa kila nikimwambia nataka kumweleza mke, ananijibu, "Sema, ila ujue na mimi umenitia ndani."

Dada wa Sakina
Kwa hiyo aliyekucheka ndiye aliyekuuzia dawa ya kicheko. Na mkeo anakaa meza moja na wifi yake kila sikukuu bila kujua jina lake limesainiwa.

Mwanasheria wa Daladala
Hapo hata mimi nakaa kimya. Kughushi saini ni jinai.

Afisa Mikopo Mstaafu
Na ndiyo maana huwezi kujaza fomu ya Buguruni. Utamhitaji dada mara ya pili. Orodha ya dhamana mliandika nini?

Fundi Baridi
Tivii, sofa, na friji la milango miwili. Sofa ni langu. Tivii na friji alinunua yeye alipopandishwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyelifunga lile friji na kulisawazisha miguu.

Sauti ya Jangwani
Umeweka rehani kitu kisicho chako ili uonekane mwenye nyumba. Sina la kuongeza. Na mimi huyo wangu wa "mshahara mezani"... basi, tuyaache.

Bakari wa Likoni
Sasa nimeelewa. Mwambie mkeo, bwana. Wangu yuko mbali hivi na hunijua nikidanganya kwa sauti ya simu tu.

Binti Mchunguzi
Naomba radhi kwa chai. Ila bado sielewi kwa nini swali lako lilikuwa mke aache kazi.

Fundi Baridi
Kwa sababu akiwa hana hela, hataniuliza za kwangu zinakwenda wapi.

Wakuu, kuna jambo sikulisema. Nimeleta uzi leo kwa sababu jioni amerudi na furaha, ameagiza friji kubwa zaidi. Hili la sasa anataka kumpelekea mama yake Morogoro. Jumamosi anakuja mtu wa kirikuu kulichukua. Ameniomba nilichomoe Ijumaa usiku ili barafu iyeyuke.

Afisa Mikopo Mstaafu
Namba ya friji iliandikwa kwenye fomu?

Fundi Baridi
Iliandikwa. Afisa wao alikuja nyumbani mchana mke akiwa kazini, akaipiga picha.

Dada wa Sakina
Leo ni Jumatano. Yuko macho?

Fundi Baridi
Yuko sebuleni, anamwelekeza mama yake kwa simu pa kuliweka. Anacheka.