Mwenyekiti kapigiwa kura 18 za kumtoa, anasema bado yupo. Katiba yetu inasemaje hapa?

KatibuUyole
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kipo Uyole, Mbeya. Wengi wetu ni watu wa viazi, wachache wana bodaboda. Kwenye daftari tupo 34. Mwenyekiti ana hisa za laki 4 na katiba inaruhusu mkopo usiozidi mara tatu ya hisa, yaani milioni 1 na laki 2. Yeye kachukua milioni 1 na nusu, fomu kasaini mwenyewe na mhasibu, na rejesho la tatu limepita bila kitu.

Tulimwambia aitishe mkutano, akawa anapiga kalenda. Mimi kama katibu nikatuma ujumbe kwenye kundi la wasapu Ijumaa, Jumapili tukakaa. Walikuja 25, yeye hakuja. Waliotaka atoke 18, waliokataa 6, mmoja hakupiga. Sasa anasema kura hazikutosha na mkutano wenyewe ni batili. Funguo moja ya sanduku anayo na benki yeye ni mmoja wa waweka saini. Katiba inasema hivi, naandika ilivyo:

"Mkutano mkuu utaitishwa na mwenyekiti. Akidi ni nusu ya wanachama. Kiongozi ataondolewa kwa theluthi mbili ya wanachama."

Ametoka au hajatoka?

Mnyalu_Mafinga
Kamwene. Ametoka huyo. Kura siku zote zinahesabiwa kwa waliohudhuria. Theluthi mbili ya 25 ni 17, nyie mna 18. Badilisheni kufuli, maisha yaendelee.

MamaKisado
Na mimi naomba kuuliza hapohapo. Kwetu Njombe nilimdhamini mwenzangu mkopo, akahamia Songea, sasa kikundi kinakata hisa zangu. Mwenyekiti ana haki ya kufanya hivyo?

MstaafuRungwe
Mama, ukiweka saini ya udhamini umekubali hisa zako zishikwe, ila angalia kama fomu inataja kiasi. Fungua uzi wako tuongee vizuri.

Katibu, nimekaa na vyama vya akiba miaka mingi huku Rungwe, na ugomvi wa namna hii karibu wote unaanzia kwenye sentensi kama hiyo yenu ya mwisho. Mnyalu amesema utaratibu uliopo kwenye katiba nyingi, lakini hizo zinaandika "wanachama waliohudhuria na kupiga kura". Yenu imeandika "wanachama", ikaishia hapo. Kwa maneno hayo mtahesabu daftari zima. Theluthi mbili ya 34 ni 22 na ushee, na kwa kuwa mtu hagawanyiki, mnahitaji 23. Mna 18. Kwa hesabu hiyo mwenyekiti yupo sahihi, hata kama tabia yake haifai.

Nikuulize: hao 9 ambao hawakuja ni akina nani?

KatibuUyole
Yeye mmoja, wawili walikuwa na msiba. Sita walienda Chunya kwenye dhahabu, hawajanunua hisa tangu mwaka jana wala hawapokei simu.

Mnyalu_Mafinga
Basi hao sita si wanachama tena! Toa sita, mnabaki 28.

MstaafuRungwe
Toa sita kwa kifungu gani? Kama katiba haisemi lini mtu anakoma kuwa mwanachama, bado ni wanachama, na hisa zao zipo sandukuni. Halafu hata ukiwatoa, theluthi mbili ya 28 ni 18.67, inapanda kuwa 19. Bado mmekosa moja.

Ila kura si tatizo lenu kubwa. Tatizo ni kwamba mlango wa mkutano ana funguo mtu mmoja, na ndiye mnayetaka kumtoa. Katiba haikukupa katibu mamlaka ya kuitisha, na ujumbe wa siku mbili bila ajenda hauwezi kumtoa mtu madarakani. Mngepata hata kura 30 angewashika hapohapo.

Fanyeni hivi. Andikeni barua ya kuomba mkutano mkuu wa dharura, itaje ajenda wazi kwamba ni kumjadili mwenyekiti, wasaini wote wanaotaka. Apelekewe mbele ya mashahidi wawili, nakala iende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mwombeni afisa awepo siku ya mkutano. Yeye hana kura na hawezi kumtoa mtu, lakini mwenyekiti akikataa mbele yake, kukataa kwake kunaandikwa. Wa Chunya watafuteni: anayetaka kutoka aandike, alipwe hisa zake baada ya kukatwa madeni, jina lifutwe. Hapo idadi inapungua kihalali.

Na deni lisisubiri kura. Kumdai mwanachama hakuhitaji kumtoa uenyekiti. Iteni wadhamini wake leo.

DadaMwanjelwa
Mdhamini wake nani, Katibu? Isije ikawa mhasibu.

KatibuUyole
Ni mhasibu.

DadaMwanjelwa
Nilijua tu. Kwetu tuliandika kwamba kiongozi hadhaminiwi na kiongozi mwenzake, na mkopo wake unapita kamati ya mikopo yeye akiwa nje. Akichelewa rejesho mbili anasimama uongozi bila kura mpaka alipe. Hicho kifungu kimetuokoa mara nyingi kuliko hicho cha kura.

KatibuUyole
Mzee, tukikaa kurekebisha katiba, kifungu cha mkutano tukiandikeje?

MstaafuRungwe
Mimi ningeandika hivi, mrekebishe siku kulingana na kwenu:

"Mwanachama hai ni yule aliyenunua hisa angalau mara moja katika miezi 3 iliyopita. Orodha ya wanachama hai itasomwa kila mkutano na kuandikwa kwenye muhtasari.

Theluthi moja ya wanachama hai wakiomba kwa maandishi, mwenyekiti ataitisha mkutano mkuu ndani ya siku 14. Asipoitisha, katibu au yeyote kati ya walioomba ataitisha, kwa taarifa ya siku 7 yenye ajenda.

Kiongozi anayejadiliwa hataongoza kikao. Atapewa nafasi ya kujieleza, kisha kura ya siri. Ataondolewa kwa theluthi mbili ya waliopiga kura, ilimradi nusu ya wanachama hai wapo. Atakabidhi funguo na madaftari ndani ya siku 7 na atabaki mwanachama, pamoja na hisa na deni lake."

Orodha isomwe kila mkutano kwa sababu nimeona mhasibu anakataa kupokea hisa za wapinzani ili wasihesabike. Na benki hawatabadilisha waweka saini kwa maneno. Watataka muhtasari uliosainiwa. Mkiwa SACCOS iliyosajiliwa, hayo ni masharti, na marekebisho hayaanzi kutumika mpaka Mrajis ayasajili.

DadaMwanjelwa
Ningeongeza kwamba mwenye deni lililochelewa asipige kura.

MstaafuRungwe
Hapo sikubaliani. Mwezi Machi kabla ya mavuno, nusu ya wakulima wanakuwa wamechelewa rejesho. Mtabaki mkitawaliwa na wenye maduka.

DadaMwanjelwa
Wenye maduka ndio hela yao iliyokopwa, mzee.

KatibuUyole
Barua imeshaandikwa, wamesaini 20. Mhasibu kaomba asaini na yeye, sijui nimruhusu?