Tupeane uzoefu: miwani ya mtoto shuleni, mmefanyaje isivunjike?

Mama Elia, Sakina
Habari za jioni wapendwa. Mwanangu yuko darasa la pili, namba zake ni -4.50 macho yote mawili. Tangu Januari ameshavunja miwani mbili. Ya kwanza aliikalia, ya pili ilikanyagwa na mwenzake. Nilipomkalisha nikamwuliza polepole, kumbe mara zote alikuwa ameivua mwenyewe wakati wa mapumziko akacheze mpira, akaitia mfukoni mwa kaptula. Baada ya ile ya pili alikaa siku nne bila miwani na daftari likarudi na mistari nusunusu. Hata dawati la mbele ubao hauoni. Wenye watoto wa miwani, mlifanyaje? Mkanda unasaidia? Na mwalimu mlimwambiaje?

Baba Wawili, Kiboriloni
Dada, mkanda ndiyo dawa. Mimi nilishona lastiki nikakaza kabisa, haitikisiki hata akikimbia. Na ya akiba usinunue, mpe ya zamani.

Fundi Miwani, Moshi mjini
Baba Wawili, mkanda ni sawa ila usikaze hivyo. Ukikaza sana fremu inarudi usoni, kope zinagusa lenzi, mtoto anaona ukungu na pua inabaki na alama nyekundu. Ndipo anaanza kuivua. Mvalishe, kisha pitisha vidole viwili kati ya mkanda na kisogo. Vikipita bila kubanwa, umepatia. Chagua ule wenye vimpira viwili vinavyovaa ncha za mikono ya miwani, kwa sababu mwenzake akiuvuta kwa nguvu unachomoka. Kamba iliyofungwa fundo haichomoki, inavuta shingo.

Lakini kabla ya mkanda, angalia fremu. Mwambie ainame kama anayefunga kamba za viatu. Ikiteleza mpaka ncha ya pua, irudishe kwa fundi aikunje mikono nyuma ya masikio. Hilo ni la dakika chache tu.

Ya zamani inafaa kama namba hazijasogea sana. Mtoto wa -4.50 ukimpa ya -3.00 atapunguza shida, ila ubao wa mbali atauona kwa taabu. Ninachowashauri wateja wangu ni kununua fremu mbili za aina moja, saizi moja. Mkono ukikatika unahamishia wa nyingine, lenzi ikipasuka vilevile. Na omba lenzi za plastiki, si kioo.

Bibi Pasua
Wanangu, mimi yangu ya kusomea Biblia naipoteza kila siku. Huo mkanda na sisi wazee tunapata?

Fundi Miwani, Moshi mjini
Shikamoo bibi. Unapata. Kwako uchukue ule mrefu unaoning'inia kifuani. Wa mtoto usiwe hivyo, maana unanasa akipanda miti.

Mwalimu, Usa River
Nami niseme kwa upande wetu. Darasani nina watoto zaidi ya 70. Mzazi akiniambia "mwangalie miwani yake" nitasahau, siyo kwamba sijali. Mmoja alifanya vizuri: alileta ya akiba ndani ya kasha gumu lenye jina, nikaliweka kabati la madaftari, na akaandika kwenye karatasi mambo mawili: mtoto avae muda wote au la, na nani apigiwe ikivunjika. Karatasi nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Ya akiba isikae kwenye begi. Begi hukaliwa.

Mama Elia, Sakina
Ahsanteni sana. Mrejesho baada ya wiki sita: nilichukua fremu mbili sawa na mkanda wa vimpira. Daktari alisema kwa namba zake asivue hata akicheza, nikayaandika hayo kwa mwalimu wa darasa. Kasha la pili liko kabatini kwake. Wiki ya tatu skrubu ya bawaba ilidondoka uwanjani, mwalimu akampa ya akiba palepale, hakukosa hata kipindi kimoja. Jioni fundi akarudishia skrubu. Sasa kila Jumapili nazikagua skrubu, na lenzi tunaosha kwa maji na sabuni. Vumbi letu hili ukilifuta na shati, linakwaruza.

Baba Wawili, Kiboriloni
Nimelegeza lastiki, kweli alama za pua zimepungua. Ila mpira mimi bado namvua, wangu ni -1.00 tu na akipigwa usoni je?

Fundi Miwani, Moshi mjini
Kwa -1.00 anaweza kuvua, mradi iingie kwenye kasha wala isiende mfukoni. Kuhusu kupigwa na mpira, muulize daktari wake. Lenzi za polikaboneti zinastahimili zaidi, ila fremu ya kawaida bado inaweza kumuumiza.

Mama Elia, Sakina
Hata mimi hilo la mpira linanisumbua. Kuna aliyewahi kumpata mtoto wake miwani ya michezo hapa Arusha?