Naomba ushauri: filta ya jairo na akselerometa kwenye mtumbwi, pembe inagoma kurudi sifuri

Wakuu habari za jioni, nipo Mwanza, nimefunga sensa kwenye mtumbwi wa bro pale mwaloni Kirumba nipime unavyolala. Nasoma kila sekunde 0.01:

```
p = 0.98*(p + w*0.01) + 0.02*acc
```

Nilivyoelewa, hapo τ ni 0.98*0.01/0.02 = sekunde 0.49, akselerometa inapita kwenye 1/(τs+1), na pembe ya jairo inapita kwenye τs/(τs+1), ukijumlisha unapata 1 kamili ndo maana pembe ya kweli haipungui wala haichelewi.

Shida ni mawimbi, yanakuja kila baada ya sekunde 3 hivi na akselerometa inayahesabu kama mlalo, kwa hiyo nikapandisha τ mpaka sekunde 5, yaani 0.998, ikatulia vizuri sana, ila sasa mtumbwi umenyooka kabisa alafu inasoma digrii 10 na imeganda hapo hapo! Jairo yangu ikiwa imetulia mezani inasoma digrii 2 kwa sekunde, na 2 mara 5 ndo hiyo 10, na kwa τ ya zamani ilikua kama 1 tu sikuiona.

Kuitoa hiyo 2 mezani kabla ya safari najua, ila jua likipiga sensa inabadilika, na majini mtumbwi hautulii nipime upya. Je, niongeze intigreta inayokusanya tofauti ya acc na p ili ijifunze hiyo 2 yenyewe? Na geini yake niiweke ndogo kiasi gani isianze kuyumba na mawimbi?