Kwa nini riziki ya wengi Dar es Salaam iko nje ya usajili na kodi?

Mwenye hoja, Sinza: "Sekta isiyo rasmi maana yake nini hasa, na kwa nini watu wengi wa jiji hili wanajipatia riziki nje ya biashara zilizosajiliwa na nje ya mfumo wa kodi? Je, walazimishwe kusajiliwa?"

Mwenye duka, Kariakoo: Kwangu jibu ni fupi, ni ukwepaji wa kodi. Ninalipa pango, leseni na kodi ya mapato, na kila mauzo natoa risiti ya mashine, huku mbele ya mlango wangu mtu ametandika turubai na anauza mashati yaleyale kwa bei ya chini kwa sababu halipi hata kimoja kati ya hivyo. Mwishoni mwa mwaka 2018 vilitolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa Sh 20,000, na wapo waliojificha nyuma ya kitambulisho hicho ilhali mauzo yao yalizidi kiwango kilichokusudiwa. Ndiyo, walazimishwe.

Mhasibu, Temeke: Ndugu yangu wa Kariakoo ana haki ya kulalamika, ila amegusa upande mmoja tu. Kiwango anachokitaja kilikuwa mauzo ya Sh milioni 4 kwa mwaka, na neno la kushika hapo ni mauzo, si faida. Ukigawa milioni 4 kwa siku 300 za kazi unapata kama Sh 13,300 kwa siku, fedha ambazo muuza chapati huzishika kabla ya saa nne asubuhi.

Nimewahi kukaa na mama mmoja wa chai na chapati hapa Temeke tukapiga hesabu kwenye daftari la mwanawe. Alikuwa akiuza Sh 30,000 kwa siku. Unga, mafuta, sukari, mkaa, maji na ushuru vilikula Sh 22,000, akabaki na Sh 8,000. Kwa siku 300 mauzo yake ni Sh milioni 9, lakini faida ni Sh milioni 2.4, yaani Sh 200,000 kwa mwezi. Kwa jedwali la makadirio lililowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya kati ya milioni 7 na milioni 11 asiye na kumbukumbu za hesabu anatozwa Sh 250,000 kwa mwaka. Akiwa na kumbukumbu, analipa Sh 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, ambayo kwake inafikisha Sh 150,000.

Sasa mlinganishe na mwajiriwa wa mshahara huohuo wa Sh 200,000. Huyo halipi kodi ya mshahara hata senti, kwa sababu makato huanza juu ya Sh 270,000 kwa mwezi. Mama asiye na daftari angetoa zaidi ya faida ya mwezi mzima. Hapo siwezi kumwita mkwepaji kwa moyo mweupe.

Dereva wa bodaboda, Gongo la Mboto: Samahani wakubwa, mimi mnaniweka wapi? Pikipiki ina namba, ina bima, nami nina leseni ya udereva. Kila jioni napeleka hesabu ya Sh 10,000 kwa tajiri. Si rasmi hiyo?

Mhasibu, Temeke: Kilicho rasmi hapo ni pikipiki, mdogo wangu. Kazi yako haina mkataba, na ukivunjika mguu tajiri atampa mwingine ufunguo.

Mbeba mizigo, Vingunguti: Basi na sisi tumo. Ghala ninakofanya kazi limesajiliwa na linalipa kodi, lakini ni mwaka wa nne naitwa kibarua, nalipwa jioni mkononi, na jina langu haliko popote.

Mhasibu, Temeke: Umo kabisa, na hili husahaulika kila tunapowanyooshea vidole machinga. Kwa mwajiriwa anayetambuliwa, michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara ikijumlishwa ya pande zote mbili. Mwenye ghala akikuita kibarua anaukwepa mzigo huo, na usajili wa ghala lake haukusaidii kitu.

Mwenye duka, Kariakoo: Nakubali kuhusu mama wa chapati. Lakini, mhasibu, faida utaikadiriaje kwa mtu asiyeandika chochote? Kodi ya mauzo iliwekwa kwa sababu hiyo. Ukisema umtoze kwa faida, kila mmoja atasema hana faida, na yule wa turubai mlangoni kwangu atakuwa wa kwanza.

Mhasibu, Temeke: Hapo umenibana. Ningeanza kwa kupandisha kiwango cha mauzo kisichotozwa kodi ili faida ya mama yule isitozwe kuliko mshahara wa kiasi hichohicho, lakini wa turubai anayeuza kuliko duka lako sina njia rahisi ya kumpata.

Mwenye hoja, Sinza: Na huyu wa Vingunguti, abanwe nani, yeye au mwenye ghala?