Tupeane uzoefu: uso wa boksi la chai wenye majani yanayojirudia

Mchoraji wa Kirumba
Habari zenu wakuu. Nimemchorea dada mmoja hapa Mwanza boksi la chai. Chai inatoka Rungwe, yeye anafungasha. Uso wa mbele, juu nimeweka kijani kilichokolea chenye majani yanayojirudia, chini rangi ya krimu, katikati nafasi ya jina. Kwenye kompyuta lilipendeza sana. Nikachapa, nikakunja: kila kona jani limekatika nusu, na ubavuni linaanza jani jingine kabisa. Uso una upana wa milimita 70, ubavu 40, kipande changu cha majani kina 30. Mliowahi kuchora maboksi, mlitokaje hapo?

Fundi Pleti
Mdogo wangu, ulimwaga majani kila uso peke yake, ukaanza upya kila kona. Tandaza boksi zima kwanza kama karatasi moja: 70, 40, 70, 40, jumla 220. Majani yapite juu ya mikunjo yote bila kukatishwa, hapo kona tatu zimepona. Inabaki ile ya nne, penye gundi, ambako mwisho unakutana na mwanzo. Pale ni hesabu tu, na 30 haigawi 220.

Mimi yalinikuta kwenye boksi la kahawa. Nilimwomba mteja tupunguze ubavu kutoka 40 hadi 35, kipande kikawa 35. Uso unakula viwili, ubavu kimoja, mzunguko wa 210 ni vipande 6 kamili. Ili ujazo usipungue tukapandisha urefu kutoka 120 hadi 137.

Kipande chenyewe: jani linalotokeza ukingo wa kulia linakiliwe na kusogezwa kushoto kwa upana kamili wa kipande. Andika namba, usiburute kwa jicho. Kisha panga vipande vinne, rudi nyuma hatua tatu. Ukiona mistari mitupu inashuka kama barabara kati ya majani, shusha kila nguzo ya pili kwa nusu ya kipande. Kwenye Illustrator ni `Object > Pattern > Make`, halafu Tile Type uchague `Brick by Column`. Ukifanya hivyo, nguzo za mzunguko mzima ziwe shufwa, la sivyo penye gundi patakataa tena.

Kijana wa Buzuruga
Mbona rahisi. Weka mstari wa dhahabu kwenye kila kona, majani yaishie hapo. Hakuna atakayeona.

Fundi Pleti
Kuficha utaficha, ila mkunjo hauangukii palepale kila boksi. Ukihama milimita moja, mstari wa milimita mbili unahamia wote upande mmoja, ule mwingine unabaki bila kitu. Labda uwe mpana, 6 hivi. Hata mpaka wa kijani na krimu usiuweke juu ya mkunjo. Na pale rangi mbili zinapokutana, krimu iingie kidogo chini ya kijani, maana mashine ikiyumba utaona uzi mweupe wa karatasi.

Mama Dagaa Igoma
Mimi sina boksi, nafungasha dagaa kwenye pakiti. Nilichorewa visamaki pakiti nzima, jina likaandikwa juu yao. Mteja anasimama mbele ya meza, anashika pakiti na kuniuliza, "Mama, hii ni ya nani?" Jina limo mkononi mwake! Tukaondoa visamaki katikati, tukaweka bluu tupu. Sasa naomba kujua, nembo ya TBS naipataje?

Mchoraji wa Kirumba
Mama, la TBS lifungulie mada yake, utapata wanaojua zaidi yangu. Ila la jina nimelichukua. Mimi nilipitisha majani hafifu nyuma ya jina.

Binti Capri Point
Hafifu yanakubalika, mimi nimefanya na mteja akaridhika. Shida ni vipande vya majani vinavyobaki ukingoni mwa eneo la jina. Ncha ndogo ya jani inaonekana kama doa la wino. Nazifuta zote, jani libaki zaidi ya nusu au liondoke.

Fundi Pleti
Hapo hatukubaliani. Nyuma ya jina mimi siweki kitu.

Mchoraji wa Kirumba
Nashukuruni sana. Kuna mengine mawili. Dada aliniambia majani yangu ni ya mwembe. La chai lina meno madogo ukingoni, nimeyachora upya. Na kisu cha kukatia maboksi kimeshatengenezwa, ubavu 40 haubadiliki.

Fundi Pleti
Basi kipande kiwe 22. Nguzo 10, shufwa.

Mchoraji wa Kirumba
Nimejaribu usiku huu kwenye karatasi, penye gundi pamekutana. Lakini kutoka 30 hadi 22 yale meno yamebanana na mishipa ya jani imekuwa nyembamba mno, mingine haikutoka kabisa. Ninenepeshe mistari, au nichore jani jipya lenye meno machache?